Goti linaalika ukipiga skwati: namna ya kujua kama ni mlio wa kawaida au goti linaumwa

Watu wengi wakianza skwati kitu cha kwanza kinachowatisha sio uzito, ni mlio. Unashuka, goti linasema tak, unapanda, linasema kruu kruu kama kuna mchanga ndani, halafu mtu pembeni anakwambia ute umekauka, acha hayo mazoezi utaishia kutembelea fimbo. Ukiacha kufanya mazoezi ya miguu kwa sababu ya mlio peke yake, misuli ya paja inalegea, na misuli ikilegea goti ndo linaanza kuuma kweli. Nimewaona wengi wa namna hiyo, goti lilikuwa zima kabisa, likaharibiwa na woga.

Kwa hiyo hapa naeleza jinsi ninavyolipima goti linalopiga kelele, hatua kwa hatua, vitu ambavyo unaweza ukavifanya mwenyewe sakafuni bila kifaa zaidi ya futi ya fundi cherehani. Jambo kubwa la kushika ni kwamba mlio hautuambii kitu ukiwa peke yake. Tunautazama umekuja na nani: maumivu, uvimbe, goti kukwama, goti kuachia. Mlio usio na hata kimoja kati ya hivyo vinne, hata uwe mkubwa kiasi cha mtu wa pili kuusikia, hauna haja ya tiba.

Hatua ya 1: sikiliza ni mlio wa aina gani

Vaa kaptula, simama mbele ya kioo au muombe mtu akutazame, shuka skwati bila uzito pole pole, kama sekunde 4 kushuka na 4 kupanda, rudia mara tano au sita. Kiganja kimoja kiwe juu ya pia ya goti, yaani kile kifupa cha duara kinachochezacheza mbele. Utasikia moja kati ya milio mitatu.

Wa kwanza ni tak moja kubwa, kavu, halafu kimya. Ukirudia hapo hapo haitoki tena, mpaka upumzike kidogo. Huu ni mlio wa gesi. Ndani ya goti kuna ute na kwenye ute kuna gesi imeyeyuka, sasa nyuso mbili za mfupa zikiachana ghafla shinikizo linashuka na kiputo kinatokea. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipiga picha za MRI za vidole vikialishwa wakaona ule uwazi wa gesi unajitokeza palepale mlio unapotoka, na baada ya hapo kidole huwa kinahitaji kama dakika 20 kabla hakijaalika tena. Huo hauna madhara, tena ukweli kwamba haurudii ndo dalili yake nzuri.

Wa pili ni tak inayorudia kila ukishuka, tena kwenye pembe ile ile, mara nyingi upande wa nje wa goti au nyuma kwa nje. Hiyo kwa kawaida ni kano au utando mgumu unaovuka juu ya kibonge cha mfupa kisha unarudi mahali pake. Weka vidole pale unaposikia, utahisi kitu kinaruka chini ya ngozi. Jaribu kugeuza vidole vya miguu nje zaidi kidogo au kupanua msimamo, ukiona mlio umepungua au umehama basi ni kitu kinachoteleza tu. Kama hakiumi kiache. Ila kama mlio uko ndani kabisa kwenye mstari wa maungio, pale mfupa wa paja unapokutana na wa chini, na unauma palepale unapolia, huo hauingii kundi hili, twende nao hatua ya 3.

Wa tatu ndo unaotisha watu zaidi, ule wa kusaga. Kiganja kwenye pia ya goti kinahisi mtetemo kama wa changarawe, hasa kuanzia katikati ya kushuka. Unatoka pale pia ya goti inapoteleza kwenye mfereji wake juu ya mfupa wa paja. Gegedu linalofunika hizo nyuso sio lazima liwe laini kama kioo, likiwa na mabonde madogo tu linatoa sauti, na vijana wazima wanaocheza mpira kila wiki wanao mlio huu, wanawake wanao zaidi kuliko wanaume. Kusikia kusaga hakumaanishi mfupa unasagana na mfupa. Na hakuna mlio wowote unaopima wingi wa ute, hiyo habari ya ute kukauka kwa sababu goti linalia iache kabisa.

Hatua ya 2: jiulize historia yake

Kuna swali moja nalipa uzito kuliko mengine yote: huu mlio ulianzaje? Kama umekuwepo muda mrefu, magoti yote mawili, hukumbuki siku ulipoanza, hiyo ni habari njema. Kama ulianza siku fulani unayoikumbuka, uligeuka mguu ukiwa umekanyaga chini, ukasikia pwa ndani ya goti na maumivu papo hapo, basi hiyo ni ajali, na lazima uangalie uvimbe ulikuja lini.

Goti lililovimba likajaa ndani ya saa mbili tatu mara nyingi ni damu ndani ya maungio, na hapo wasiwasi wa kwanza ni kwamba ligamenti ya mbele ya katikati ya goti, ule mkanda unaoshika mfupa wa paja na wa chini, imekatika, au mfupa umepasuka. Goti lililovimba taratibu ukaamka nalo asubuhi yake limejaa, mara nyingi ni meniska, yaani zile pete mbili za gegedu zinazokaa katikati ya mifupa kama vibebeo, zimechanika. Sio sheria ya chuma lakini inasaidia sana, na daktari atakuuliza hilo hilo, kwa hiyo likumbuke au liandike.

Hatua ya 3: pima vitu vinne sakafuni

Hii hatua usiiruke, chukua dakika kumi.

Anza na uvimbe, kwa sababu watu wengi wana maji gotini na hawajui. Kaa sakafuni, mguu umenyooka, paja umelilegeza kabisa. Tazama upande wa ndani wa pia ya goti, kuna kibonde kidogo. Kwa kiganja sukuma kutoka chini ya kile kibonde kwenda juu kuelekea pajani, mara mbili tatu, kama unakamua. Halafu upande wa nje, teremsha mkono kutoka juu kwenda chini. Kama kuna maji utaona kile kibonde cha ndani kinajaa taratibu chenyewe, kama wimbi dogo. Linganisha na goti la pili. Kisha zungusha futi katikati ya pia ya goti, miguu yote miwili, mguu umenyooka na umelegea, tofauti ikizidi sentimita 1 na upande wenye kipimo kikubwa ndo unaouma, chukulia kuna uvimbe. Maji gotini ni jambo la maana hata kama hayaumi, kwa sababu goti lenye maji huzima misuli ya mbele ya paja, ubongo unaikatia nguvu, na ukiendelea kubeba uzito juu ya misuli iliyozimwa unajiongezea tatizo.

Pili, kunyooka. Lala chali, weka taulo lililokunjwa chini ya visigino vyote viwili ili magoti yaning'inie, legeza. Magoti yote yanashuka sawa? Kama moja linabaki limekunjika na ukilisukuma linagota, yaani kuna kitu kinalizuia ndani, huko ndo kukwama kwenyewe, inaweza kuwa kipande cha meniska kimejikunja katikati au kipande cha gegedu kinaelea. Usilichanganye na lile goti linalokataa sekunde mbili baada ya kukaa muda mrefu, ukalitikisa likaachia, hilo mara nyingi ni pia ya goti tu.

Tatu, kuinua mguu. Bado umelala, nyoosha goti, inua mguu mzima sentimita 20 hivi bila kukunja. Kama ulisikia pwa ukiwa chini ya uzito mkubwa na sasa huwezi kuinua mguu ulionyooka, au unainuka lakini goti linajikunja lenyewe, hapo kano ya pia ya goti au ya paja inaweza kuwa imekatika. Hospitali siku hiyo hiyo, manake kano ikishonwa mapema inapona vizuri kuliko ikichelewa wiki kadhaa.

Nne, bonyeza. Goti likiwa limekunjwa nyuzi 90, tafuta kwa kidole gumba ule mstari wa maungio pande zote mbili. Maumivu makali sehemu moja kwenye mstari huo yanaelekeza kwenye meniska. Maumivu yanayozunguka pia ya goti, ambayo mtu ukimuuliza yapo wapi anafunika goti lote kwa kiganja badala ya kuonyesha kwa kidole, yanaelekeza mbele, kwenye pia yenyewe.

Hatua ya 4: amua uko kundi gani

Kundi la kwanza, mlio tu, vipimo vyote vinne safi. Endelea na skwati yako kama kawaida, ongeza uzito kama kawaida. Hamna tiba hapa na wala usitafute picha. MRI inaonyesha meniska zilizochanika kwa watu wengi waliozidi miaka 50 ambao hawaumwi hata kidogo, ukipiga picha kwa sababu ya mlio unaweza kutoka na jina la ugonjwa ambao haukusumbui, halafu jina lenyewe ndo likakusumbua.

Kundi la pili, mlio pamoja na maumivu ya mbele ya goti yaliyokuja taratibu, hamna uvimbe, goti linanyooka sawa. Hili ndo kundi kubwa na nitakaa nalo chini hapo.

Kundi la tatu, muone daktari wa mifupa au mtaalamu wa fizio ndani ya siku chache: uvimbe, goti kukwama, goti kuachia ghafla ukitembea, au maumivu ya kwenye mstari wa maungio yaliyoanza na kugeuka vibaya. Skwati simamisha mpaka upimwe.

Kundi la nne ni siku hiyo hiyo: huwezi kukanyaga hatua nne, huwezi kuinua mguu ulionyooka, goti limejaa ndani ya saa chache baada ya ajali, au goti ni jekundu, la moto, limevimba na una homa. Hilo la mwisho ni hatari hata bila kuumia popote, kwa sababu linaweza kuwa maambukizi ndani ya maungio na yanakula gegedu haraka. Na mwenye goti la bandia akisikia mlio mpya wenye maumivu arudi kwa waliomfanyia upasuaji, mwongozo huu haumhusu.

Umri nao una nafasi yake. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliofuatilia watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa kati na wazee, ukaona kwamba waliosema magoti yao yanasaga mara kwa mara walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata maumivu ya baridi yabisi ya kuchakaa miaka iliyofuata, na wengi wa waliopata tayari eksirei yao ilishaonyesha mabadiliko. Kwa hiyo ukiwa na miaka 50 na kuendelea, kusaga kupo, na asubuhi goti ni gumu kwa dakika kadhaa kabla halijalegea, nenda kapimwe ukiwa mtulivu. Ushauri utakaopewa kwa kiasi kikubwa ni kuimarisha misuli ya paja, ndo hayo hayo mazoezi uliyotaka kuyakimbia.

Hatua ya 5: kurekebisha goti la kundi la pili

Nichukue mfano wa dada mmoja wa miaka thelathini na kitu niliyekuwa namsimamia. Alipandisha skwati kutoka kilo 40 mpaka 60 ndani ya wiki tatu na wiki hizo hizo akaanza kukimbia kwenye ngazi. Magoti yote yalikuwa yanasaga tangu zamani, ila la kulia likaanza kuuma, tano kwa kumi akiwa na kilo 60, likamuuma akishuka ngazi na akikaa muda mrefu goti limekunjwa. Kibonde hakikujaa, futi sawa pande zote, linanyooka, mstari wa maungio hauumi. Yeye alikuja akilalamika mlio. Nilimwambia mlio ulikuwepo kabla, kilichobadilika ni mzigo.

Ukishuka skwati, pia ya goti inabanwa kwenye mfereji wake kwa nguvu inayoongezeka kadiri goti linavyokunjika, mpaka kama nyuzi 90. Ukiongeza kilo na kina na ngazi kwa pamoja, sehemu hiyo inachokozwa kuliko ilivyozoea. Kwa hiyo tunapunguza kidogo, hatuachi, halafu tunapanda tena.

Wiki ya 1 na 2 alishuka mpaka kugusa boksi, urefu wa boksi tuliuchagua kwa maumivu: pale yanapofika tatu kwa kumi, boksi linakuwa juu kidogo ya hapo. Kilo 30, seti 3 za mara 8, sekunde 3 kushuka, siku mbili au tatu kwa wiki zenye pengo la siku katikati. Nilimwambia apeleke makalio nyuma zaidi na kifua kiiname mbele kidogo, hii inahamisha kazi kwenda makalioni na kulipunguzia goti. Goti kupita vidole vya miguu sio kosa, watu wazima wanafanya hivyo kila siku, ila kwa wiki hizi goti lisipoenda mbele sana halichokozwi sana. Na kwa sababu hiyo hiyo kama huwa unaweka visahani chini ya visigino viondoe kwa sasa, manake kuinua kisigino kunasukuma kazi mbele gotini. Goti lifuate uelekeo wa kidole cha pili cha mguu, lisiangukie ndani.

Juu ya hiyo skwati aliongeza vitu viwili tu. Kukaa ukutani, mgongo umeegemea, magoti yamekunjwa kiasi kisichouma, sekunde 30 mpaka 45, mara 5, na mapumziko ya dakika moja. Na kulala ubavu akiinua mguu wa juu, kisigino kikielekea nyuma kidogo, seti 3 za mara 12 kila upande, kwa ajili ya misuli ya pembeni ya nyonga ambayo ndo inazuia goti kuangukia ndani. Ngazi za kukimbia zilisimama kwa muda.

Wiki ya 3 na 4 boksi lilishuka sentimita 5 na chuma kikarudi kilo 40. Kuanzia wiki ya 5 boksi likaondoka na tukaongeza kilo 2.5 kwa wiki, sio zaidi, hata pale alipojisikia ana nguvu za kuruka mbele. Kufikia wiki ya 8 alikuwa karibu na kilo 50, maumivu moja kwa kumi siku mbaya na sifuri siku nyingi, ngazi anashuka bila kushika pembeni. Na goti lilikuwa linasaga vile vile kama siku ya kwanza. Ndo maana nasema usipime maendeleo kwa sikio, ungepima kwa mlio ungesema programu imeshindwa.

Cha kupima ni hiki. Maumivu wakati wa zoezi, sifuri mpaka tatu endelea, nne punguza kina au kilo hapo hapo, tano na kuendelea simamisha seti. Halafu asubuhi inayofuata, shuka ngazi au piga skwati tano bila uzito: kama goti liko kama jana kabla ya mazoezi, mzigo ulikuwa sawa, kama limeamka baya zaidi, siku ya mazoezi inayofuata punguza theluthi ya uzito. Na kile kipimo cha kibonde kirudie mara moja kwa wiki. Siku kibonde kinajaa, hata kama hakuna maumivu, umehama kundi, rudi hatua ya 4.

Yapo makosa mawili yanayochelewesha watu. Moja ni kujialisha goti makusudi kila dakika kuangalia kama mlio umeondoka, unalikunja na kulinyoosha mara mia kwa siku, pia ya goti haipati kutulia. Lingine ni kufunga goti bandeji ngumu ya kubana wakati wa skwati ili lisilie. Ile bandeji inaficha mlio na inakupa msaada wa kupanda, basi unabeba uzito ambao misuli haijafika, ukiivua ndo unajua. Kifuniko laini cha goti kwa ajili ya joto hakina shida.

Ukimaliza wiki 6 mpaka 8 za hivyo, umefuata kweli, na maumivu hayajashuka hata pointi mbili, hapo ndo nenda kwa mtaalamu wa fizio uangaliwe nyonga, kifundo cha mguu na namna unavyoshuka, na ukienda mpe haya: lini ilianza, mlio uko wapi kwa kidole, unauma unapolia au hauumi, futi ilisoma ngapi kila upande, na kilo ngapi ndo zinaleta maumivu.